Kupima Urefu wa Mtoto Ukutani

Mtoto aliyetimiza miaka 2 hupimwa akiwa amesimama. Aliye chini ya hapo hupimwa akiwa amelala. Huchaguliwa ukuta ulionyooka, penye sakafu ngumu isiyo na zulia. Mtoto huvua viatu na soksi, na nywele zilizofungwa juu ya utosi hufunguliwa. Visigino, makalio na mabega hugusa ukuta, magoti yakiwa yamenyooka na macho yakitazama mbele.

Kosa kubwa hutokea utosini. Rula iliyoshikwa kwa mkono huinama bila mzazi kujua. Kitabu kigumu ni bora: upande mmoja hubanwa ukutani, kisha huteremshwa hadi kukandamiza nywele. Alama ya penseli huwekwa chini yake, na urefu hupimwa kwa futi kamba ya chuma kuanzia sakafuni.

Kipimo hurudiwa. Vikipatikana sentimita 98.2 na 98.4, huandikwa wastani, 98.3. Vikipishana kwa zaidi ya nusu sentimita, mtoto hupangwa upya. Kwa kuwa uti wa mgongo hubonyea kidogo kutwa nzima, vipimo vya kulinganishwa huchukuliwa saa ileile.