Siku ya Tatu Nyumbani kwa Mzazi

Mwalimu wetu wa ukunga aliisoma orodha yangu ya kwanza akiwa amesimama, akanirudishia hapohapo. "Hii naweza kuijaza nikiwa kitandani kwangu," akasema, akaenda zake.

Kazi ilikuwa ya mwaka wa pili: andaa orodha ya ukaguzi ya kumtembelea mzazi na kichanga nyumbani, ukaitumie, kisha uandike ulichokiona. Nilikuwa nimepanga maswali 31, kila moja na visanduku viwili pembeni, cha ndiyo na cha hapana. Mtoto ananyonya vizuri? Damu inatoka kawaida? Kitovu ni kisafi? Mama ana tatizo lolote? Muulize mzazi maswali hayo mbele ya mama mkwe wake, atakujibu kwa adabu zote: ndiyo, ndiyo, ndiyo, hakuna tatizo. Unaondoka na karatasi iliyojaa na hujui kitu.

Nikaiandika upya kwa sharti moja, kwamba kila mstari uwe na kitu cha kuona, kuhesabu au kupima. Yale 31 yakabaki 14.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mzazi aliyejifungua salama akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena kati ya saa 48 na 72, halafu kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Mimi nilipangiwa siku ya tatu, na siku ya tatu ina mambo yake. Maziwa ndiyo yanaingia, matiti yanajaa na kuuma. Umanjano wa kichanga, kama upo, ndipo unapoonekana wazi. Na presha ya mama, ambayo wengi hudhani imeondoka pamoja na kondo la nyuma, mara nyingi hufika kilele chake kati ya siku ya tatu na ya sita.

Nyumba ilikuwa Mbagala. Mzazi alikuwa na miaka 22, uzazi wake wa kwanza, kajifungua kwa njia ya kawaida mtoto wa kiume wa kilo 3.1. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Korogwe kumlea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu dokta."

Nikamwambia mimi bado mwanafunzi. Akasema ni yaleyale.

Mtoto alikuwa amelala, nikashukuru. Katika orodha ya kwanza nilikuwa nimeweka pumzi mwishoni, baada ya kumvua, kumpima uzito na kumliza, na mtoto anayelia huwezi kuhesabu pumzi zake. Sasa ilikuwa mstari wa kwanza kabisa: inua nguo kidogo, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu dakika nzima. Hesabu ya nusu dakika ukaizidisha mara mbili itakudanganya, maana kichanga hupumua haraka, akatulia kidogo, kisha akaendelea. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Unahesabu tena, na zikibaki hapo unampeleka. Huyu alikuwa na 48, na kifua hakikuwa kikibonyea ndani.

Tukamvua karibu na dirisha. Kwenye ngozi nyeusi umanjano hujificha, kwa hiyo unabonyeza ngozi ya kifua kwa kidole, unaachia, unatazama rangi inayobaki, kisha unakagua macho, fizi, viganja na nyayo. Wake ulikuwa usoni na kifuani tu. Ungeonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ungefika viganjani na kwenye nyayo, ningemwandikia rufaa. Mizani ikasoma kilo 2.9. Bibi akashtuka kwamba mtoto amekonda, nikamweleza kuwa vichanga hupungua siku za mwanzo. Wasiwasi huanza akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, ambayo kwa huyu ni gramu 310, naye amepoteza 200. Kwenye kitovu swali langu jipya lilikuwa "Mmepaka nini?" Bibi akacheka, akasema jana walipaka mafuta kidogo, leo hapana. Ningeuliza kama ni kisafi, yale mafuta nisingeyasikia kamwe.

Kunyonya sikuuliza. Nilimwomba mama amnyonyeshe nami nikakaa pembeni. Mtoto alikuwa ameshika chuchu peke yake, mdomo umefumbwa kama anayepiga mluzi, mashavu yakiingia ndani. Mama alikunja uso kila alipovuta. Tukamtoa, tukamgeuza tumbo lake liguse la mama, tukasubiri apanue mdomo, ndipo akasogezwa kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia. Safari hii alikamata na sehemu kubwa ya duara jeusi, na baada ya muda tukasikia anameza. Dakika kumi na mbili zilikwenda hapo, na sizijutii.

Damu nayo ilikuwa na mstari wake: "Nionyeshe pedi uliyotoa mwisho, na umebadilisha ngapi tangu asubuhi?" "Kiasi" si kipimo. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, hiyo ni hatari; harufu mbaya pamoja na homa, hiyo pia ni hatari. Yake ilikuwa nyekundu, imelowa nusu, ya pili tangu alfajiri. Mji wa mimba ulikuwa mgumu, umeshuka vidole vitatu chini ya kitovu, kama inavyotarajiwa.

Hadi hapo kila kitu kilikuwa shwari, na bila mstari wa kumi na mbili ningeaga. Mstari huo ulisema: "Ongea na mama peke yake." Bibi alipokwenda jikoni kutazama uji wa pilipili manga, nikauliza usiku wa jana alilalaje. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kichwa kinamgonga tangu usiku, na akiinuka anaona kama vimulimuli. Hakutaka kusema mbele ya mkwe, asionekane mvivu.

Nikamfunga kipimo cha presha: 154 kwa 102. Kwenye kadi yake ya kliniki, mimba nzima, haikuwahi kuvuka 120 kwa 80. Nikamwacha akae ametulia dakika 15, mkono umeegemea mto, nikapima tena: 152 kwa 100. Presha inayofika 140 kwa 90 baada ya kujifungua tayari ni ya kufuatiliwa; ikiambatana na kichwa na macho kuona vimulimuli, hiyo ni njia ya kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Dawa ya kukizuia, magneziamu salfeti, ipo hospitali, na nyumbani haina mbadala.

Nikampigia mwalimu. Akaniuliza vipimo vyote viwili, akasema aende sasa hivi. Nikaandika barua ya rufaa, nikaweka tiki: "Amepewa rufaa." Nikadhani nimemaliza.

Robo saa baadaye mama alikuwa bado kitandani. Mtoto abaki na nani? Nani ana nauli? Mume yuko kazini, simu haipatikani. Bibi alitaka kwanza mzazi anywe uji. Barua ilikuwa mezani, chini ya kikombe.

Usiku ule, kabla ya kuikabidhi kazi, nilifuta kile kisanduku cha mwisho. Mahali pake niliandika: "Ameondoka saa ngapi, na nani, kwa chombo gani, mtoto yuko wapi?" Na mbele yake, kwa wino wa kalamu ileile: "Saa tano na nusu, na mama mkwe, kwa bajaji. Mtoto wamekwenda naye."