Tiki Moja ya Kijivu: Kanuni za Kundi la Kazi Garbatulla

Afisa wa nyanjani aliandika ripoti yake saa 8 mchana, chini ya mgunga, upande wa mbali wa Sericho. Aliorodhesha idadi ya mbuzi waliochanjwa, akaambatisha picha tatu, akabonyeza kutuma. Kando ya ujumbe ikatokea alama ya saa, ile ambayo WhatsApp huonyesha ujumbe ukiwa bado umo ndani ya simu ya mwandishi. Hapakuwa na mtandao. Akaweka simu mfukoni, akaendelea na kazi.

Saa 11 jioni mratibu wake, aliyekuwa ofisini Garbatulla mjini, akaandika kwenye kundi: "Mbona ripoti ya Sericho haijaletwa? Wengine wote wameshaleta." Mhasibu akaongeza: "Kwani watu wanalipwa kufanya nini?" Wengine wakaweka dole gumba. Saa 4 na dakika 10 usiku gari la nyanjani lilikaribia mji na simu ya afisa ikashika mtandao. Ripoti ya mchana ikaondoka na kuingia kwenye kundi. Papo hapo jumbe arobaini za siku nzima zikamwagika kwake, na mbili za kwanza kuonekana zilikuwa zile za mratibu na mhasibu. Alikuwa amechoka, ana njaa, amefunikwa na vumbi. Akajibu: "Kama hamniamini, njooni mchanje wenyewe."

Alfajiri mratibu aliamka akaona arifa ya jibu hilo kabla hajafungua kundi na kuiona ripoti. Wiki hiyo watu kumi na wanne wa timu yao waligawanyika pande mbili, nami nikaitwa kusuluhisha. Nawasaidia waajiri kupanga mawasiliano ya wafanyakazi, na kisa hiki nakikumbuka kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichowagombanisha ni mwendo wa ujumbe. Uliandikwa saa nyingine, ukafika saa nyingine, ukasomwa na mtu aliye katika hali nyingine kabisa.

Kanuni nyingi za makundi ya kazi huandikwa kana kwamba kila mfanyakazi ana mtandao muda wote. Katika kaunti ndogo ya Garbatulla, ambako timu moja huwa na watu Kinna, Malka Daka na Sericho kwa siku moja, kanuni hizo hazishiki. Kwa hiyo tulianza na jambo ambalo wengi hulipuuza, yaani maana ya tiki.

Mnapoandikiana watu wawili, tiki moja ya kijivu humaanisha ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwa mwenzako. Tiki mbili humaanisha umefika, na zikigeuka buluu umesomwa. Kwenye kundi mambo ni tofauti. Tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe umefika kwenye simu za wanakundi wote, na buluu haitokei mpaka wote wamesoma. Mtu mmoja akiwa nje ya mtandao, kundi zima hubaki na tiki moja. Ukitaka kujua nani amepata ujumbe wako, ubonyeze bila kuachia kidole, kisha ufungue taarifa zake. Utaona majina ya waliosoma na ya waliofikiwa tu. Mratibu angefanya hivyo saa 11 jioni, angeona jina la afisa wake halipo popote. Swali lake lingegeuka kutoka "mbona hujaleta" likawa "uko salama?"

Hapo ndipo tulipoipata kanuni ya kwanza: anayetoka kwenye mtandao anaaga. Kabla gari halijaacha mji, mtu anaandika mstari mmoja: "Naingia Sericho sasa, nitapatikana kesho saa 4 asubuhi." Tangu hapo hakuna anayemdai jibu hadi muda huo upite. Akiandika ujumbe akiwa huko, anaanza na mahali na saa: "Sericho, saa 8 mchana, hakuna mtandao." Ukifika usiku wa manane, msomaji anajua ni ujumbe wa mchana uliochelewa njiani, wala si mtu anayesumbua wenzake wakati wa kulala.

Kanuni ya pili inahusu usiku wenyewe. Timu ilikubaliana kwamba kundi liko wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kwamba Ijumaa hakuna anayetazamiwa kujibu wakati wa sala ya adhuhuri. Ukiwazia jambo saa 5 usiku, liandike lakini usilitume. Maandishi ambayo hayajatumwa hubaki kwenye kisanduku cha kuandikia, na asubuhi utayasoma upya kwa macho mengine. Kundi pia si mahali pa dharura. Mtu aliyenyamazisha arifa zake usiku hatasikia kitu, na WhatsApp inahitaji data. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi hupita hata pale ambapo data haipiti. Kwa hiyo gari likikwama, mtu akiumia au barabara ikiwa na hatari, piga simu kwa mtu mmoja aliyetajwa mapema. Tuliyaandika mambo hayo matatu kuwa ndiyo maana ya dharura, kwa sababu neno hilo lisipowekewa mipaka, kila ripoti iliyochelewa huitwa dharura.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa kuirekebisha ili mfanyakazi asilazimike kujibu mwajiri nje ya saa za kazi. Lakini muswada si sheria, na timu haina haja ya kusubiri Nairobi. Makubaliano ya ukurasa mmoja yaliyotiwa saini na mkuu wa timu yanatosha kuanzia.

Kanuni ya tatu ni ya maneno. Kiswahili kina vineno vidogo vinavyobeba lawama vikiwa vimeandikwa tu, bila sauti wala uso. "Mbona," "kwani" na "tena" ni mifano mizuri. Uso kwa uso, "mbona hukuja?" inaweza kuwa huruma. Kwenye kioo cha simu inasomeka kama mashtaka. "Leta ripoti" ni amri, na hata "naomba ulete ripoti" huacha swali la lini. Tulifundishana kuandika ombi lenye mambo matatu: nani, nini, na mwisho lini. Kwa mfano: "Salamu. Afisa wa Sericho, naomba idadi ya mbuzi waliochanjwa kabla ya kesho saa 6 mchana. Ikiwa mtandao umekwamisha, nijulishe ukifika."

Salamu hiyo ina kazi yake. Kwa Waborana, mazungumzo hufunguliwa kwa kuulizana amani, nagaa, na anayeruka hatua hiyo huonekana ana hasira hata kama ana haraka tu. Mhasibu wetu alitoka eneo lingine na alizoea kuandika kwa mkato. Hakujua kwamba wenzake walikuwa wakimsoma kama mtu anayefoka. Lakini salamu na ombi vikae kwenye ujumbe mmoja. Ukituma "Hamjambo" peke yake kisha ukanyamaza, watu kumi na watatu watajibu "Hatujambo" na atakayeingia mtandaoni baadaye atapekua salamu kutafuta kazi iko wapi.

Saa nayo iandikwe kamili. Kwenye timu yenye watu wanaofikiri kwa Kiingereza na wanaofikiri kwa Kiswahili, "mkutano saa 3" humleta mmoja asubuhi na mwingine alasiri, na kila mmoja huamini mwenzake amemdharau. "Saa 3 asubuhi" humaliza ubishi. Vivyo hivyo lugha: hakuna aliyekatazwa kuandika Kiborana, ila jambo la kazi lifuatwe na mstari mmoja wa Kiswahili ili asiyekijua asidhani anasengenywa. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, nao ufuatwe na mstari wa maandishi, kwa kuwa sauti haitafutiki baadaye na humaliza bando la aliye mbali.

Kanuni ya nne ndiyo ngumu zaidi kwa wakubwa: sifa hadharani, kosa faraghani. Kumuuliza mtu mmoja mbele ya watu kumi na watatu kwa nini amechelewa ni kumwita barazani bila kumsikiliza kwanza. Mpigie. Na ukiteleza, WhatsApp inakuruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15 tangu uutume. Baada ya hapo unaweza kuufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili hivi, lakini alama kwamba umefuta hubaki, na waliousoma wameshausoma. Kufuta si kuomba radhi. Kosa lililofanywa kwenye kundi liombewe radhi kwenye kundi, kwa sentensi moja, bila maelezo marefu ya kujitetea.

Mratibu wetu alifanya hivyo. Katika kikao cha nusu saa chini ya kivuli cha ofisi, tulichapisha jumbe zote za jioni ile kwenye karatasi, tukazipanga kwa saa zilipoandikwa badala ya saa zilipofika. Ripoti ya saa 8 mchana ikakaa juu, swali la saa 11 jioni likakaa chini yake. Watu waliitazama karatasi kimya. Mratibu akachukua simu, akaandika kwenye kundi kwamba aliuliza kwa lawama kabla ya kujua. Afisa akajibu kwamba naye aliandika akiwa amechoka, na anasikitika. Mhasibu akaongeza radhi yake bila kuombwa.

Kanuni hizi zina mpaka. Hazitibu uonevu wa kweli, wala posho iliyocheleweshwa, wala mkuu anayependelea. Mambo hayo yana njia zake za malalamiko, na kuyaleta kwenye kundi huyaharibu zaidi. Utajua kundi limeugua pale watu wanapoanzisha makundi madogo ya pembeni, pale kila jibu linapokuwa "sawa" tupu, au pale jambo zito linapopata dole gumba na hakuna swali hata moja. Ukiziona dalili hizo, usiongeze kanuni. Itisha kikao, mtazamane.

Na leo jioni, kabla hujamwandikia mwenzako aliyeko nyanjani ujumbe mkali, bonyeza ujumbe wako wa mwisho uone kama ulimfikia. Kama haukufika, kwake bado hujasema neno.