KUPIMA DHAHABU KWA MAJI: NJIA YA MKAZI KUJUA THAMANI YA PETE YAKE KABLA YA KUIUZA

Wakazi wa Kata ya Rwamishenye, kama walivyo wakazi wa kata nyingine za Manispaa ya Bukoba, huuza au kuweka rehani vito vya dhahabu pale mahitaji ya nyumbani yanapowabana. Mara nyingi bei hutegemea swali moja tu, nalo ni karati ya kito husika. Pete ya gramu 5.80 ikiwa ni ya karati 18 ina takriban gramu 4.35 za dhahabu halisi. Pete yenye uzito uleule ikiwa ni ya karati 9 ina takriban gramu 2.2. Kwa hiyo muuzaji akiambiwa na mnunuzi kwamba pete yake ni ya karati 9, naye hana namna ya kuhakiki, anaweza kupoteza nusu ya haki yake bila kujua.

Ipo njia ya zamani ya kukadiria kiasi cha dhahabu pasipo kukikata wala kukitia tindikali kito chenyewe. Njia hiyo ni kukipima kito hewani, kisha kukipima ndani ya maji.

Msingi wa njia hii

Kila kitu kilichozama hulisukuma pembeni kiasi cha maji kinacholingana na ujazo wake, na uzito wake hupungua kwa kiasi cha uzito wa maji hayo. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa takriban gramu moja, uzito uliopungua unaonesha moja kwa moja ujazo wa kito.

Dhahabu ni nzito mno kwa ujazo wake. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19.3, ilhali ile ya fedha ina gramu 10.5 na ile ya shaba nyekundu ina gramu 8.96. Sonara huichanganya dhahabu na fedha pamoja na shaba ili iwe ngumu. Kadiri madini hayo mepesi yanavyoongezeka, ndivyo kito chenye uzito uleule kinavyokuwa kikubwa zaidi na kusukuma maji mengi zaidi.

Hatua za kupima

Inahitajika mizani ya kidijiti inayosoma hadi gramu 0.01, bilauri ndogo, uzi mwembamba na kijiti cha kuning'inizia. Pete ioshwe kwa sabuni na kukaushwa vizuri, kisha ipimwe ikiwa kavu. Tuseme mizani imesoma gramu 5.80.

Baada ya hapo bilauri yenye maji yaliyochemshwa na kupoa iwekwe juu ya mizani, na mizani irudishwe kwenye sifuri. Pete ifungwe kwa uzi na kuteremshwa polepole hadi izame yote, huku uzi ukishikiliwa kwa juu. Pete isiguse chini wala pembeni mwa bilauri. Namba itakayosomwa sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Tuseme ni gramu 0.37. Maana yake ni kwamba pete hiyo ingepimwa ikiwa imening'inia majini ingekuwa na gramu 5.43, yaani imepungukiwa gramu 0.37.

Kusoma majibu

Gramu 5.80 zikigawanywa kwa 0.37 hupatikana 15.7. Dhahabu ya karati 18 kwa kawaida huwa kati ya 15 na 16, na ile ya karati 22 huwa karibu na 17.8. Dhahabu ya karati 9 huwa kati ya 11 na 12. Pete ya gramu 5.80 ya karati 9 ingesukuma takriban gramu 0.50 za maji, na pete ya shaba na zinki iliyopakwa dhahabu juu tu ingesukuma karibu gramu 0.68. Kwa hiyo mkazi aliyesoma 0.37 ana sababu ya msingi ya kuikataa bei ya karati 9.

Kiasi cha dhahabu kinaweza kukadiriwa pia. Pete hiyo ingekuwa dhahabu tupu ingesukuma gramu 0.30, na ingekuwa fedha tupu ingesukuma gramu 0.55. Soma la 0.37 liko katikati ya namba hizo mbili, na hesabu inaonesha kuwa dhahabu ni takriban asilimia 72 ya uzito wote, endapo kilichochanganywa ni fedha pekee. Endapo ni shaba pekee, hesabu hiyohiyo hutoa asilimia 80. Kwa kuwa kwa kawaida vyote viwili huwamo, jibu la kweli liko kati ya hapo, na karati 18 ni asilimia 75.

Mambo yanayopotosha vipimo

Kosa la kawaida ni viputo vya hewa vinavyonasa kwenye nakshi za pete. Viputo huongeza ujazo, hivyo dhahabu huonekana kuwa pungufu, na anayeumia ni muuzaji. Kutia tone moja la sabuni ya maji ndani ya bilauri na kuitikisa pete kidogo huviondoa. Pete ikigusa chini, namba hupanda ghafla kuelekea gramu 5.80, na hiyo ni dalili kwamba uzi uinuliwe. Inafaa kurudia kipimo mara tatu. Masomo yakitofautiana kwa zaidi ya 0.01, kipimo hicho kisitumike.

Udogo wa kito nao ni kikwazo. Kwa pete ya gramu 5.80, kosa la gramu 0.01 tu hulihamisha jibu la 15.7 hadi 15.3 au 16.1. Kwa hereni ya gramu moja kosa hilohilo huharibu jibu lote, na hapo inahitajika mizani inayosoma hadi gramu 0.001. Vito vyenye mawe au vilivyo wazi ndani, kama baadhi ya bangili, havifai kupimwa kwa njia hii.

Kwa vito vya fedha njia hii ni dhaifu zaidi, kwa sababu fedha na shaba zinakaribiana. Gramu 10 za fedha tupu husukuma gramu 0.95 za maji, na zile zenye muhuri wa 925 husukuma karibu 0.97. Hata hivyo, madini meupe yasiyo na fedha kabisa, yatokanayo na shaba, zinki na nikeli, husukuma zaidi ya gramu 1.1, nayo hutambulika kwa urahisi.

Aidha, madini ya tangsteni yana uzito wa gramu 19.25 kwa sentimita moja ya ujazo, karibu sawa na dhahabu, hivyo maji hayawezi kuyatofautisha. Kipimo cha maji ni makadirio ya kumsaidia mwenye mali kujadili bei. Hakichukui nafasi ya kipimo cha maabara.

Wajibu na huduma

Mkazi anayeuza kito anashauriwa kuangalia kama mizani ya sonara ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na kama leseni ya biashara imebandikwa mahali panapoonekana. Dhahabu ghafi, kama ile inayochimbwa wilayani Biharamulo, haiuzwi kama pete ya nyumbani. Hiyo huuzwa katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, chini ya usimamizi wa Tume ya Madini, ambako hupimwa kwa mashine mbele ya muuzaji na mnunuzi mwenye leseni.