Jasho la Mabati na Mapambo ya Krismasi

Desemba inapofika na ukafungua katoni ya mapambo ukakuta nyota za karatasi zimeota kuvu na taa haziwaki, usiharakishe kulilaumu paa kwamba linavuja. Mara nyingi paa halina hatia yoyote. Katika makala haya nitaeleza maji hayo hutoka wapi, na namna ya kuhifadhi mapambo katika nyumba zetu za Kibera na Kawangware ili yadumu kutoka Januari hadi Desemba nyingine.

Nimelifuatilia jambo hili kwa sababu ya shangazi yangu anayeishi Gatina, Kawangware. Yeye hukodisha mapambo kwa sherehe za watoto, harusi ndogo ndogo na, hasa, kwa makanisa wakati wa Krismasi. Mali yake ni dazani nne za mipira ya kupamba, mingine ya kioo na mingine ya plastiki, misururu sita ya taa, nyuzi za kumetameta na karatasi za rangi. Ni akiba ya miaka mingi hiyo, naye huitegemea kulipa karo ya Januari. Mwaka mmoja aliiweka yote katika katoni moja kubwa juu ya kabati, ikiegemea ukuta wa mabati. Alipoifungua mwezi wa Novemba, misururu mitatu ya taa ilikuwa imekufa, karatasi nyekundu ilikuwa imechujia rangi yake kwenye nyeupe, na vifuniko vya ile mipira vilikuwa na kutu.

"Nimemwambia mwenye nyumba hili paa linavuja, haskii!" akalalamika.

Lakini tulipoichunguza katoni vizuri, upande wa juu ulikuwa mkavu kabisa. Uliolegea na kufanya madoa ni ule uliogusa ukuta. Vitu vilivyokuwa upande wa mlango vilikuwa vizima. Sasa, mvua ingeingiaje kwa ubavu na kuacha juu?

Jibu ni jasho la mabati. Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na hewa yenye joto hubeba mengi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 za joto yaweza kubeba kama gramu 23 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 12, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kimo cha futi nane kina mita za ujazo zipatazo 23. Tuseme ni usiku wa Julai, mama amemaliza kupika, chumba kina joto la nyuzi 25 na hewa yake imebeba asilimia 70 ya maji inayoweza kubeba. Hayo ni kama gramu 370. Usiku wa manane nyumba ikipoa hadi nyuzi 12, hewa hiyo haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 250. Zile 120 zinazosalia, yaani nusu glasi hivi, lazima zitafute pa kwenda. Nyingine hupenya nje kwenye nyufa, nyingine hunywewa na blanketi na nguo, na nyingine hugeuka matone pale penye baridi kuliko kwingine kote, nako ni kwenye bati. Na hapo bado hatujahesabu pumzi na jasho la watu. Watu wanne wakilala kwa saa nane huweza kuacha hewani maji yanayozidi lita moja.

Ndiyo sababu asubuhi ukipitisha kidole kwenye ukuta wa bati wakati wa baridi unakuta unyevu hata kama haijanyesha wiki mbili. Katoni inayogusa ukuta huo hunywa maji hayo kila usiku, polepole.

Kwetu Lindi, Kibera, mambo ni tofauti kidogo. Kuta zetu ni za udongo uliopigwa plasta. Udongo hautoi matone kama bati kwa kuwa huvuta unyevu na kuuachilia baadaye, lakini sehemu ya chini ya ukuta hubaki na ubaridi msimu wote wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hivyo Kawangware katika chumba cha bati adui yuko ukutani na juu; kwetu yuko sakafuni. Na wale wanaokaa bondeni karibu na Mto Ngong wana adui wa tatu, maana mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hayakuangalia kama kitu kiko juu ya matofali mawili au matatu.

Tuje kwa dawa yake. Zamani watu walifunga kila kitu kwa mifuko ya plastiki ya dukani, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ile ya kitambaa tuliyopewa badala yake hupitisha hewa. Kilichobaki ambacho ni rahisi kupata ni ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, ile ya rangi ya ukutani. Ioshe, iache wazi juani hadi harufu iishe. Ndoo ya mafuta ya kupikia pia yafaa, ila harufu ikibaki panya watafanya kazi usiku kucha kuitafuna.

Hata hivyo, ndoo peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hufikiri kwamba maji ya kuogopwa ni yale yaliyo katika hewa ya ndani ya ndoo. La hasha! Ndoo nzima ya hewa ina maji yasiyofika hata nusu gramu. Maji yamejificha ndani ya karatasi. Kilo moja ya magazeti iliyokaa chumbani wakati wa mvua huweza kuwa na gramu 100 za maji, ingawa ukiigusa utasema ni kavu. Ukiianika mchana wa Januari, jua likiwa kali, zitabaki kama gramu 60. Ukifungia magazeti mabichi ndani ya ndoo, umeyafungia mapambo pamoja na maji. Ukifungia yaliyokauka vizuri, yatakuwa kama sponji: unyevu kidogo unaopenya kwenye kifuniko yatauvuta yenyewe kabla haujafikia vioo na taa.

Kwa hiyo siku ya kupakia huchaguliwa. Nairobi, Januari na Februari huwa kavu kwa kawaida. Ngoja siku isiyo na mawingu, uanike nyota za karatasi, magazeti ya kujazia na trei za mayai kwenye kamba kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Karatasi za rangi zianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua huzipausha. Pakia saa tisa hiyo hiyo. Ukisubiri jioni majiko yawashwe, karatasi itaanza kunywa tena.

Juu ya minyororo ya karatasi laini, mimi sioni faida ya kuihifadhi. Rangi yake huchuja ikipata unyevu kidogo tu, na ile iliyogundishwa kwa uji wa unga wa ngano ni chakula cha mende na kuvu. Tengeneza mingine Desemba. Hifadhi zile nyota na kengele za karatasi ngumu, zikiwa zimelazwa, si kukunjwa.

Mipira ya kioo inahitaji mkono mwepesi. Usiioshe. Mingi imepakwa rangi ya fedha kwa ndani, na maji yakiingia kwenye shingo chini ya kile kifuniko cha bati, rangi hiyo hufanya madoa meusi yasiyotoka. Ipanguse kwa kitambaa kikavu tu, uizungushie karatasi nyeupe isiyo na maandishi, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye mpira. Kisha ipange katika trei za mayai. Trei nzima ya mayai 30 haiingii kwenye ndoo, kwa hiyo ikate vipande vya mayai sita sita. Tupa trei iliyomwagikiwa na yai. Weka gazeti lililokunjwakunjwa chini, kisha trei, kisha gazeti tena, hadi juu, usishindilie.

Taa ziwe na ndoo yake ndogo. Plastiki laini ya nyaya hugandamana na rangi ya mipira zikikaa pamoja miezi mingi. Kabla ya kuzifunga, futa masizi na mafuta ya jikoni, hakikisha zimekauka, ziwashe kwa dakika kumi uone zote zinawaka, halafu uchomoe. Zizungushe kwenye chupa ya soda ya lita mbili bila kuvuta. Ile misururu ya zamani yenye balbu 20 za volti 12 huunganishwa balbu moja baada ya nyingine ili kutimiza volti 240 za stima, na kwa sababu hiyo mguu mmoja wa balbu ukishika kutu ya kijani, zote 20 huzima. Hivyo ndivyo misururu miwili ya shangazi ilivyokuwa. Fundi alichomoa balbu moja moja, taa zikiwa hazijaunganishwa na stima, akasugua miguu yake kwa msasa laini na zikawaka. Ule wa tatu ulikuwa wa taa ndogo za kisasa ambazo hazichomoki, waya umeliwa na kutu ndani, ukatupwa.

Wengine hushauri kuweka chumvi ndani ya ndoo. Chumvi kweli huvuta maji, lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 huanza kuyeyuka, na maji ya chumvi hula bati na shaba haraka kuliko maji matupu. Vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja na viatu vipya ni bora, lakini magazeti makavu yanatosha.

Ndoo iwekwe wapi? Isiguse ukuta, acha nafasi ya shubiri moja. Usiiweke juu ya dari, ingawa nafasi inavutia, kwa sababu mchana kule huchoma hadi gundi ikalainika na usiku matone hudondoka. Chini ya kitanda juu ya matofali ni pazuri, ila kwa wale wa bondeni nawashauri juu ya kabati. Na usiifungue Aprili kwa udadisi.

Ili kujua hali ya ndani, shangazi hufunga uzi mmoja wa sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, chini ya kifuniko cha kila ndoo, naye huuangalia mara moja tu, mchana mkavu wa mwisho wa Februari kabla ya masika. Uzi huo hushika kutu upesi kuliko vifuniko vya mipira. Mwaka jana ndoo mbili zilikuwa na uzi unaong'aa. Katika ya tatu ulikuwa mwekundu. Tukakagua kifuniko tukakuta ufa mwembamba ukingoni. Tulianika kila kitu upya siku ileile na kuhamishia ndoo nyingine, na Desemba ilipofika mipira yote ya ndoo ile ilikodishwa na kanisa moja la Kawangware.