Swali lisilouliza

Kiingereza kina mazoea ya kubandika swali fupi mwishoni mwa sentensi iliyokwisha kukamilika. Muundo wake, ukiwekwa katika Kiswahili neno kwa neno, hutoa kitu cha ajabu: «Amina amefika, hajafika?» Msemaji anatamka jambo, kisha analigeuza papo hapo: likiwa la kukubali, mkia wake ni wa kukana, likiwa la kukana, mkia ni wa kukubali. Kitenzi kisaidizi hurudiwa, kiwakilishi huenda na mtendaji, na wakati haubadiliki. Kwa hiyo mikia ya namna hiyo ni mingi sana, kwa kuwa kila sentensi huzaa wa kwake.

Kiswahili hakina haja ya hesabu hiyo. «Sivyo?», «si ndiyo?», «au siyo?» na, hasa Kenya, «ama?» hukaa baada ya sentensi yoyote bila kubadilika. Ndiyo maana pia Waafrika Mashariki wengi wanaposema Kiingereza hutumia mkia mmoja tu kwa sentensi zote, jambo ambalo walimu wa lugha hiyo wamelisahihisha kwa wino mwekundu miaka nenda miaka rudi. Kwa mtazamo wa umbo, basi, kutafsiri ni rahisi: futa mkia wa Kiingereza, andika «sivyo?», endelea. Tabu ni kwamba mkia mmoja wa Kiingereza hufanya kazi zaidi ya moja. Sauti ikipanda mwishoni, msemaji hana hakika na anataka kweli kuambiwa. Sauti ikishuka, amekwisha kuamua na anachotaka ni kuungwa mkono. Maandishi hayaonyeshi sauti. Mfasiri wa riwaya au wa filamu hulazimika kutazama mazungumzo yanayozunguka mkia huo ndipo aamue kama aandike «Amina amefika, au bado?», ambalo ni swali, au «Si Amina amefika?», ambalo ni kumkumbusha mtu jambo analolijua. Mara nyingine kiulizi hakihitajiki hata kidogo. Mtu anayetoka nje saa saba mchana na kutamka kwa Kiingereza kwamba kuna joto, huku akitia mkia wa sauti ya kushuka, kwa Kiswahili angesema tu, «Leo kuna joto jamani!»

Hiyo «si» ya mwanzoni ni kifaa ambacho wafasiri wengi hukisahau, labda kwa sababu jicho lao liko mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza na hutafuta cha kuweka mahali palepale. «Si nilikwambia?» «Si umemwona mwenyewe?» Umbo lake ni la kukana, lakini hakuna Mswahili anayelisikia kuwa linakana. Ni swali linalosukuma jibu la kukubali, na husukuma kwa nguvu kuliko «sivyo?».

Mahali ambapo tofauti hizi huacha kuwa suala la ladha ya lugha ni mahakamani. Wakili anayemdodosa shahidi wa upande wa pili anaruhusiwa kuuliza maswali ya kuongoza, yaani yale yanayobeba jibu ndani yake, na katika Kiingereza silaha kubwa ya maswali hayo ni mkia. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya bado ni kawaida wakili aulize kwa Kiingereza, karani au mkalimani ageuze, shahidi ajibu kwa Kiswahili, na kumbukumbu iandikwe kwa Kiingereza. Swali moja linavuka mpaka wa lugha mara mbili.

Chukua mfano wa kubuni. Mama mwenye kibanda cha mboga ni shahidi katika kesi ya wizi wa usiku. Wakili wa mshtakiwa anamwambia kwa Kiingereza jambo ambalo neno kwa neno ni: «Usiku ule hukumwona mteja wangu, ulimwona?» Mkalimani anaweka Kiswahili kizuri kabisa: «Usiku ule hukumwona mshtakiwa, sivyo?» Mama anajibu, «Ndiyo.» Mkalimani anatoa neno la Kiingereza la kukubali, hakimu anaandika, kesi inasonga mbele. Kilichoingia kwenye kumbukumbu ni kinyume cha alichosema mama.

Sababu iko katika namna lugha hizi mbili zinavyojibu swali la kukana. Katika Kiswahili, «ndiyo» humjibu aliyeuliza: ulivyosema ndivyo ilivyo. Ukiulizwa, «Hujala?» nawe una njaa, utajibu, «Ndiyo, sijala.» Katika Kiingereza, neno la kukubali halimjibu muulizaji bali hufuata tukio lenyewe: kama tukio lilitokea, neno ni la kukubali, kama halikutokea, ni la kukataa, hata kama muulizaji amesema kweli tupu. Mwenye njaa wa Kiingereza huanza na hapana. Kwa hiyo «ndiyo» ya mama, iliyokuwa na maana ya «kweli, sikumwona», ikivushwa peke yake inamfanya aseme kwamba alimwona.

Mkalimani hodari halivushi neno moja tupu. Shahidi akisema, «Ndiyo, sikumwona,» yeye hutoa Kiingereza kinachoanza na kukataa, kwa sababu ndicho kinacholingana. Shahidi akisema «ndiyo» kisha akanyamaza, mkalimani hana haki ya kukisia, hata kama anahisi anajua. Anaieleza mahakama kwamba jibu hilo lina njia mbili, na hakimu anaweza kuuliza swali lisilo na mkia: «Ulimwona au hukumwona?» Hapo jibu haliwezi kuwa neno moja.

Mtego mwingine uko katika kuvusha swali linaloanza kwa kuhoji ukweli. Kiingereza kinapouliza kama si kweli kwamba mtu alifanya jambo, lengo ni kumbana akubali kwamba alilifanya. Likigeuzwa kuwa «Si kweli kwamba ulimwona?», Mswahili anaweza kusikia kinyume, kwamba wakili mwenyewe anasema si kweli. «Ndiyo» ya hapo nayo ni ya mashaka. «Si ulimwona?» au «Ulimwona. Kweli si kweli?» hubeba msukumo uleule bila kutatiza.

Wapo wakalimani ambao, kwa kuchoka na mambo haya, huacha mkia kabisa na kuuliza swali la kawaida: «Ulimwona?» Sandra Hale, mtafiti aliyechunguza wakalimani wa Kihispania katika mahakama za Australia, alionyesha kwamba mikia ni miongoni mwa vitu vinavyodondoka njiani mara kwa mara. Shahidi haumii, pengine hata anapata nafuu. Lakini wakili ameuliza swali la kubana, na shahidi amesikia swali la upole. Mahakama ikija kupima jibu, inapima jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Swali la balagha, ambalo vitabu vya shule huliita pia tashititi, linakwenda mbali zaidi: halitaki jibu kabisa. Kanuni yake ya ndani ni ya kugeuza. Likiwa katika umbo la kukubali, maana yake ni kukana: «Pesa nitatoa wapi?» ni kusema sina. «Kuna haja gani?» ni kusema hakuna haja. Likiwa katika umbo la kukana, maana yake ni kukubali: «Nani asiyemjua?» ni kusema kila mtu anamjua. Njia nyepesi ya kulitambua ni kujaribu kulijibu. Jirani akilalamika, «Watoto wameugua, kazi imesimama, sasa nifanyeje?» na mtu akamtajia mambo ya kufanya kwa mpangilio, ataonekana hana adabu au hajaelewa, maana alichoambiwa ni «sikuwa na la kufanya».

Kwa mfasiri, ugumu mkubwa huja pale swali moja linapokuwa na maana mbili za balagha. Mfano mzuri ni lile la «nani ajuaye?». Katika Kiebrania cha Biblia maneno hayo hujitokeza mara kadhaa, na hayafanyi kazi moja. Mfalme wa Ninawi, katika kitabu cha Yona, anayasema baada ya kuamuru watu wafunge, na Daudi anayataja anapoeleza kwa nini alifunga wakati mtoto wake bado hai. Kwa hao wawili ni maneno ya tumaini: labda Mungu atahurumia. Katika Mhubiri, maneno yaleyale ni ya mtu aliyekata tamaa ya kujua: hakuna ajuaye. Aliye na mazoea ya kuweka «nani ajuaye?» kila anapoyakuta anamwachia msomaji kazi yote, na msomaji wa Ninawi anaweza kusikia kukata tamaa mahali palipokusudiwa tumaini. Akiweka «huenda» peke yake, tumaini linaonekana lakini unyenyekevu wa mfalme asiyedai lolote unapungua. Katika hali kama hiyo suluhisho bora, kwa maoni ya makala haya, ni kuacha swali na kulisindikiza: «Nani ajuaye? Huenda…» Kwa Mhubiri, swali linaweza kubaki peke yake, au kuwa «hakuna ajuaye».

Katika mazungumzo ya leo tatizo hilo lina sura nyingine. Mhusika wa filamu akiinua mabega na kusema kwa Kiingereza swali hilohilo, maandishi ya chini yasemayo «Nani anajua?» yana sauti ya mwalimu anayesubiri mikono inyoshwe darasani. Mswahili mwenye kuinua mabega husema, «Sijui bwana,» au «Hata sijui.» «Mungu ndiye ajuaye» ni zuri na lina uzito, ila linamtia mhusika dini ambayo pengine hana.

Kigiriki cha Agano Jipya kinaonyesha jambo jingine, maana kina vikanushi viwili vinavyotangulia swali na kutangaza jibu mapema. Kimoja, u, hutazamia ndiyo. Kingine, me, hutazamia hapana. Kingereza hulazimika kutumia mkia kueleza tofauti hiyo. Kiswahili kina vifaa vyake mwanzoni kama Kigiriki: «si» kwa linalotazamia ndiyo, na «kwani» kwa linalotazamia hapana. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, anapanga maswali saba mfululizo, yote yakianza na me, akihoji kama waumini wote wana kipawa kilekile. Yakitafsiriwa kwa «Je», kila swali linabaki wazi, kama mtu anayepiga kura ya maoni. Yakitafsiriwa kwa «kwani», jibu la hapana linasikika hata kabla sentensi haijaisha.

Hata hivyo «kwani» ina ukali. «Kwani mimi mtoto?» haisemwi na mtu aliyetulia, na ikirudiwa mara saba Paulo anaanza kufoka. Mfasiri anaweza kuiweka katika swali la kwanza tu, na yanayofuata yakaenda na mkumbo wake, au akatumia «je» na kumalizia mfululizo kwa jibu lililoandikwa waziwazi: «La hasha.» Uamuzi huo hufanywa kwa kusoma aya nzima kwa sauti mbele ya msikilizaji asiyeijua lugha ya asili, kisha kumuuliza msemaji alikuwa anataka nini. Akisema alikuwa anauliza, tafsiri irudiwe.