Tone Moja la Karafuu Latosha

Mafuta ya karafuu ya Pemba hukamuliwa kwa mvuke, aghalabu kutoka kwenye makonyo na majani, na sehemu yake kubwa ni eujenoli, kemikali ileile inayotia ganzi jino linalouma. Wapo wanaoyadondoshea kwenye chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, kisha wakaloweka miguu. Harufu yake huburudisha kweli. Hatari iko kwenye namna ya kuchanganya.

Mafuta hayayeyuki katika maji, na chumvi haibadilishi hilo. Mengi ya kunukia huelea juu, lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji. Huelekea kuzama na kukusanyika chini ya beseni, pale pale nyayo zinapotua. Tone lisilozimuliwa likiganda kwenye ngozi huichoma, na kwa kuwa linatia ganzi, huenda usihisi mapema.

Kwa hiyo anza na mafuta ya nazi. Chukua kijiko kimoja cha mezani, tia tone moja tu la karafuu, koroga vizuri, ndipo uchanganye na nusu kikombe cha chumvi na kumimina kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mafuta laini kama ya lavenda yanavumilika zaidi: kwa bafu zima, matone matatu hadi matano katika kijiko hichohicho, na vikombe viwili vya chumvi. Kaa dakika 15, usizidi 20, kisha inuka polepole, maana nazi hufanya sakafu iteleze.

Ngozi ikianza kuwaka, toka. Usikimbilie maji matupu, kwani hayataondoa mafuta. Futa kwanza kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha osha kwa sabuni.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiloweke kabisa, hata kwenye maji matupu, kwa sababu anaweza kuungua bila kujua. Mwenye vidonda au ukurutu aache, na mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi hiyo bila ushauri wa daktari. Mjamzito aepuke maji ya moto na aulize kliniki kabla ya mafuta yoyote. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu kali, na mwenye kifafa ajihadhari na mkaratusi na rosmari.

Mimi napendelea njia ya zamani kwa nyumba yenye watu wengi: chemsha mchaichai na mrehani, chuja, mimina majini. Humo mafuta ni machache mno kuliko ya chupani, ingawa mwenye mzio bado ajihadhari.

Watoto wachanga waogeshwe kwa maji matupu. Chupa ya karafuu ifungiwe mbali nao wote, kwa sababu mtoto akinywa hata kiasi kidogo, ini lake linaweza kuharibika. Ikitokea, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.