Mapitio ya Mahakama: Lini Amri ya Mamlaka Inaweza Kutenguliwa

Mito mingi inayoinywesha Morogoro, Pwani na Dar es Salaam huanzia katika Milima ya Uluguru. Mto Ngerengere hushuka kuelekea Manispaa ya Morogoro, na Mto Mgeta huungana na Ruvu, ambao maji yake husukumwa hadi Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, amri zinazohusu kilimo kwenye miteremko na kingo za mito si jambo geni kwa wakazi wa Matombo, Mkuyuni, Kinole na Mgeta. Wazee wa huko wanazijua amri za namna hiyo tangu enzi za ukoloni, hasa ule mpango wa kulazimisha matuta ya ngazi, uliozusha ghasia Matombo mwaka 1955 na hatimaye ukaachwa.

Tofauti ya leo ni kwamba mwananchi anayeona amri ya mamlaka imemkosea anayo njia ya kuipeleka mbele ya Jaji. Njia hiyo huitwa mapitio ya mahakama. Wengi huichanganya na rufaa, na mkanganyiko huo huwagharimu. Katika rufaa, mahakama ya juu hupima kama uamuzi ulikuwa sahihi. Katika mapitio, Mahakama Kuu haiulizi kama uamuzi ulikuwa mzuri au mbaya, bali inauliza kama aliyeutoa alikuwa na mamlaka ya kuutoa, kama alifuata utaratibu wa haki, na kama uamuzi wenyewe umebaki ndani ya mipaka ya akili ya kawaida. Mgawanyo huo wa sababu tatu ulielezwa na Jaji Diplock wa Uingereza katika shauri lililoamuliwa na Baraza la Malodi na kuripotiwa mwaka 1985. Hapa nchini, Mahakama ya Rufani ilizitaja sababu za namna hiyo katika shauri la Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha, lililoripotiwa mwaka 1990, ambalo hadi sasa hunukuliwa karibu katika kila ombi la mapitio.

Ili sababu hizo zieleweke, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mkulima wa mikarafuu na mahindi kwenye kingo za kijito kimojawapo cha Uluguru anapokea barua kutoka kwa ofisa wa kata. Barua inasema kwamba mazao yote yaliyo ndani ya mita 200 kutoka kwenye kijito yaondolewe katika siku saba, na kwamba asiyetii mazao yake yatakatwa. Barua haitaji kifungu chochote cha sheria. Mkulima hakuwahi kuitwa popote kabla ya kuipokea.

Swali la kwanza ni la uhalali: mita 200 zimetoka wapi? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Mkulima aliye umbali wa mita 40 hana pa kusimama katika hoja hii, kwa kuwa sheria yenyewe imemfikia. Aliye umbali wa mita 150 ana hoja nzito. Ofisa anayetaka kumwondoa hana budi kuonyesha sheria nyingine inayompa uwezo huo. Pengine ipo sheria ndogo ya halmashauri. Hata hivyo, sheria ndogo huwa na njia yake ya kuzaliwa: ile ya halmashauri ya wilaya huhitaji idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na ile ya kijiji huhitaji idhini ya halmashauri ya wilaya. Azimio la kikao ambalo halijapita njia hiyo hubaki kuwa maoni ya kikao.

Katika hoja ya uhalali, nia njema ya mtumishi haimsaidii. Shauri la zamani la Klabu ya Gymkhana ya Bukoba, lililoripotiwa mwaka 1963, linaonyesha jambo hilo. Mamlaka ya leseni za vileo iliitaka klabu ibadili kanuni zake za uanachama zilizobagua watu kwa rangi. Katika nchi iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru, watu wengi waliliunga mkono lengo hilo, lakini Mahakama Kuu iliona kwamba mamlaka iliyopewa kazi ya kutoa leseni za vileo haikupewa kazi ya kutunga kanuni za klabu. Ndivyo ilivyo hata kwa utunzaji wa vyanzo vya maji: ubora wa lengo hauzai mamlaka ambayo sheria haikuyatoa.

Swali la pili ni la utaratibu wa haki, na kwa uzoefu wa mashauri mengi ndilo linalowafikisha wananchi mbali zaidi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma, ilieleza kwamba kanuni za haki ya asili si tena desturi ya sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza tu, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Katika shauri la Abbas Sherally ilikwenda mbali zaidi: uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mhusika ni batili hata kama, angesikilizwa, uamuzi ungebaki ule ule.

Kauli hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee kwa mkulima wa mfano wetu. Ofisa hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mkulima hakuwa na la kusema. Huenda alikuwa nalo. Huenda umbali ulipimwa kutoka kwenye mfereji wa umwagiliaji badala ya kijito chenyewe; jambo la namna hiyo hujulikana pale tu mhusika anapoitwa shambani siku ya kupima. Kusikilizwa si lazima kuwe kikao kirefu chenye mawakili. Kwa kawaida hutosha apewe taarifa ya maandishi inayoeleza tuhuma na sheria inayotumika, apewe muda wa kutosha kujibu, na jibu lake lizingatiwe na mtu asiye na masilahi katika jambo hilo. Iwapo mjumbe wa kamati iliyoamua ndiye jirani anayegombea mpaka na mkulima huyo huyo, uamuzi umetiwa doa hata kama mjumbe huyo hakusema neno kikaoni.

Kutotoa sababu nako ni kasoro inayoweza kuhojiwa. Katika shauri la James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, lililoripotiwa mwaka 1994, Jaji Mwalusanya alikataa hoja kwamba mtumishi anaweza kustaafishwa kwa manufaa ya umma bila kuelezwa sababu. Maneno “manufaa ya umma” peke yake hayakutosha, na vivyo hivyo maneno “kulinda vyanzo vya maji” huhitaji maelezo mbele yake: chanzo kipi, umbali gani, madhara gani.

Sababu ya tatu, kukosa mantiki, ndiyo inayotajwa mara nyingi na kufanikiwa mara chache. Kipimo chake kilitokana na shauri la mwaka 1947 kuhusu mji wa Wednesbury nchini Uingereza, ambako mwenye sinema alipinga sharti la kutoruhusu watoto wa chini ya miaka 15 siku za Jumapili. Alishindwa. Mahakama ilisema itaingilia kati pale tu uamuzi unapokuwa wa ajabu kiasi kwamba hakuna mamlaka yenye busara ambayo ingeweza kuufikia. Kwa hiyo, mkulima anayedai kwamba mita 60 ni nyingi mno, au kwamba ingefaa apewe msimu mmoja wa kuvuna, hajafikia kipimo hicho. Lakini amri inayodai kuzuia mmomonyoko, kisha ikaagiza mikarafuu yenye mizizi inayoshika udongo ikatwe huku mahindi ya mteremko huo huo yakiachwa, inaanza kukikaribia. Vivyo hivyo pale majirani wawili wenye mashamba yaliyo umbali uleule wanapotendewa tofauti bila sababu yoyote kutolewa.

Mwananchi mwenye hoja moja au zaidi kati ya hizo hupeleka maombi Mahakama Kuu. Tangu mwaka 2021, Mahakama Kuu inatoa huduma mjini Morogoro katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, hivyo mkazi wa Uluguru halazimiki tena kusafiri hadi Dar es Salaam kwa jambo hili. Msingi wa maombi ni Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania pamoja na Kanuni zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 324 la mwaka 2014. Hatua ni mbili. Kwanza mwombaji huomba kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe, kwa kuambatanisha maelezo yanayomtaja yeye, nafuu anayoitaka na sababu zake, pamoja na kiapo kinachothibitisha mambo hayo. Akipata kibali, ana siku 14 za kuwasilisha maombi yenyewe, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa.

Kibali si jambo la kupita tu. Katika shauri la Emma Bayo, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hatua hiyo ni chujio: Jaji hutazama kama kuna hoja ya kujadiliwa, kama mwombaji ana masilahi katika jambo hilo, kama hajachelewa na kama hakuna njia nyingine ya kisheria aliyoiruka. Hapo ndipo maombi mengi hukwama. Wapo wanaofika bila nakala ya uamuzi wanaoupinga. Wapo wanaosubiri majibu ya barua za malalamiko hadi miezi sita inapita, wakidhani barua hizo zinasimamisha muda. Wapo pia ambao mgogoro wao, ukichunguzwa, ni wa nani mwenye shamba. Huo una mabaraza na mahakama zake, na mapitio hayatausuluhisha.

Jaji anapotoa kibali anaweza kuelekeza kwamba utekelezaji wa amri usimame hadi maombi yaamuliwe. Kwa mtu ambaye mazao yake yako hatarini kukatwa, ombi hilo huwa la haraka kuliko yote, na ni vyema liandikwe tangu mwanzo.

Maombi yakikubaliwa, Mahakama inaweza kuutengua uamuzi, kuizuia mamlaka isiendelee, au kuishurutisha itimize wajibu iliokataa kuutimiza. Haimpi mwombaji shamba, wala haiamui mita ngapi zinafaa. Uamuzi uliotenguliwa kwa kutosikilizwa hurudi kwa mamlaka ile ile, ambayo inaweza kumwita mkulima, kupima upya mbele yake, kumsikiliza, kisha ikatoa amri ya kuondoka kwa eneo lililo ndani ya mita 60. Amri hiyo ya pili, ikiwa imetaja kifungu chake na sababu zake, itakuwa vigumu kuitikisa.